Usingizi baada ya wodi: shajara ya siku 34

Siku ya 1

Tumeruhusiwa leo. Tumefika nyumbani Ngamiani saa 10 jioni, mvua ya masika ikinyesha, baada ya usiku tisa wodini kwa nimonia. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi mitatu. Kabla ya kuugua alikuwa analala saa 2 usiku, anaamka mara moja kunyonya, kisha kimya mpaka alfajiri. Nilidhani akikiona kitanda chake na chandarua chake mambo yatarudi yenyewe.

Ameamka mara nane. Mara nyingine kwa kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake.

Siku ya 2

Nimenunua daftari na kulichora safu nne: saa aliyoamka, alivyoamka, nilichofanya, na dakika alizochukua kulala tena. Baba yake anafanya zamu bandarini na wiki hii yuko usiku, kwa hiyo naandika peke yangu, gizani, kwa mwanga wa simu nilioufunika na kanga.

Mara tisa.

Siku ya 3

Kabla ya kushughulikia usingizi nataka kujua kwamba si ugonjwa unaomwamsha. Sista aliyeturuhusu alinionyesha namna ya kuhesabu pumzi: mtoto awe ametulia au amelala, fulana ipandishwe mpaka tumbo lionekane, nihesabu dakika nzima kwa saa ya simu, si nusu dakika kisha nizidishe. Mtoto wa umri huu, kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anapumua haraka na anapelekwa kituoni. Aliye chini ya mwaka, kuanzia miezi miwili, mpaka wake ni 50. Zaidi ya hapo niangalie chini ya mbavu: akivuta pumzi na sehemu hiyo ikabonyea ndani badala ya kutoka nje, sisubiri asubuhi.

Nimehesabu mara mbili usiku huu: 34, halafu 32. Mbavu zimetulia, hana homa. Kikohozi kipo bado, lakini kimelegea, na mara nyingi anakohoa bila hata kuamka. Hilo limenishangaza. Nilikuwa na hakika kinachomwamsha ni kikohozi.

Siku ya 4

Shangazi yake amekuja na samaki, na ushauri: nimpe kijiko cha dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi, "mpate kupumua wote." Kaona macho yangu yalivyo, kanionea huruma. Nimemkatalia kwa adabu na kumweleza sababu. Dawa zile zinalevya, na mtoto mdogo aliyetoka kuugua mapafu hatakiwi kulevywa, maana upumuaji wenyewe unaweza kulegea. Halafu nimonia ikirudi, dalili ya kwanza nitakayoitegemea ni yeye kuhangaika, nikishamlevya sitaiona. Na wapo watoto ambao dawa hizo huwafanya wakeshe kabisa.

Shangazi kanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nipe mimi mtoto, wewe lala." Nimelala saa mbili za mchana. Hiyo ndiyo dawa niliyokuwa naihitaji.

Siku ya 6

Leo nimeketi mchana na daftari, siku tano kwa pamoja, na safu ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Kuamka kwake si kwa aina moja.

Ya kwanza inatokea mara moja kwa usiku, kati ya saa 5:45 na saa 6:30. Anaketi ghafla, analia kwa nguvu, na anaficha mkono wa kushoto kwapani. Nikimshika ndiyo anazidi. Ya pili inaanza baada ya saa 8 usiku na inarudi karibu kila saa mpaka alfajiri. Hapo halii kwa hofu, ananung'unika na kupapasa akinitafuta. Nikimnyonyesha analala ndani ya dakika tatu, nikimlaza anafumbua macho.

Ile ya kwanza niliielewa nikiwa bado nashika kalamu. Wodini sindano ya dawa ilikuwa kila baada ya saa sita: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Usiku tisa, saa 6, taa inawashwa, mtu anamshika mkono wa kushoto wenye kanula, kunauma. Kisha mimi hapa nyumbani, saa ileile, nawasha tochi ya simu nimuone na namshika mkono nimtulize. Nilikuwa narudia kila kitu cha wodini isipokuwa sindano.

Ya pili ni jambo jingine. Usingizi wa mtoto wa umri huu unakwenda kwa mizunguko ya kama saa moja. Saa za mwanzo za usiku usingizi ni mzito, kadiri alfajiri inavyokaribia unakuwa mwepesi, na mwisho wa kila mzunguko mtoto huibuka kidogo karibu na kuamka. Watoto wote huibuka hivyo. Anayejua kujilaza hugeuka upande akaendelea. Anayelala kwa kushikwa hukuta kilichomlaza hakipo, akakidai. Wodini wangu alikuwa akikohoa sana akilala chali, nikawa namlaza wima kifuani, titi mdomoni, usiku kucha. Ilikuwa sawa kufanya hivyo. Lakini ndivyo alivyojifunza kwamba usingizi unapatikana kifuani kwa mama tu.

Aina mbili, kwa hiyo kazi mbili. Na hofu inatangulia, kwa sababu mtoto mwenye hofu hafundishwi kitu.

Siku ya 7

Kazi ya hofu. Usiku, sheria nilizojiwekea ni tatu. Taa haiwashwi. Sauti inatangulia mkono: namwita kwanza, nasema "mama yupo," taratibu, mpaka ageuze kichwa. Mkono wa kushoto haushikwi kabisa. Akikubali kuguswa naanzia mgongoni.

Mchana, mchezo. Nimemkalisha mwanasesere wake wa kitambaa mkekani, nikambandika plasta mkononi, nikasema "pole," nikaibandua. Amekimbia akajificha nyuma ya bibi yake. Sikumlazimisha.

Siku ya 9

Amekuja mwenyewe. Amembandua mwanasesere plasta, akanipa nimbandike tena, akabandua tena. Tumerudia mara ishirini na zaidi, mpaka plasta ikakosa gundi. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto nimbandike na yeye. Bibi yake alikuwa anachambua mchele. Kaacha kazi akatazama.

"Kumbe alikuwa na neno lake," kasema.

Usiku: ameamka saa 6:10. Amelia dakika nne, badala ya ishirini na tano za wiki iliyopita.

Siku ya 11

Saa 6 usiku imepita bila kilio. Amejigeuza tu. Mimi ndiye niliyekuwa macho nikimsubiri.

Kunyonya kila saa baada ya saa 8 kuko palepale. Sijakugusa na sitakugusa bado: amekonda, dawa zimekwisha juzi tu, na maziwa ya usiku yanamrudishia mwili. Mchana nimeongeza mlo mmoja juu ya ile ya kawaida, uji wa lishe wenye tui la nazi saa 4 asubuhi.

Siku ya 13

Kliniki. Uzito kabla ya kuugua ulikuwa kilo 9.6, siku tuliporuhusiwa 8.9, leo 9.4. Mapafu yamesikilizwa, masikio yamechunguzwa. Masikio niliomba mwenyewe, kwa sababu sikio lenye usaha huuma zaidi mtoto akilala, na humwamsha vilevile. Yako safi.

Nilimuuliza sista kama naweza kuanza kumfundisha kulala. Aliniuliza maswali manne: dawa zimekwisha? homa imekatika kwa wiki nzima? anakula? uzito unapanda? Yote ndiyo. "Basi anza, mama," kasema. "Lakini titi usimwachishe, lisogeze tu." Neno hilo nimeliandika kwenye jalada la daftari.

Siku ya 14: maandalizi

Kulisogeza titi maana yake anyonye ashibe, lakini asilalie. Utaratibu wa jioni tuliopanga na baba yake: chakula saa 12:30, kuoga maji ya uvuguvugu, kunyonya sebuleni taa ikiwa imewaka na yeye macho wazi, kufutwa meno, halafu kitandani kwake akiwa bado macho.

Saa ya kumlaza ilitaka fikra. Nilitamani saa 2 kamili kama zamani. Daftari linasema kwa wiki nzima usingizi wenyewe umekuwa ukimchukua karibu na saa 3:10, hata nikianza kumbembeleza saa 2. Nikimweka kitandani saa 2, atakuwa na saa nzima ya kulia kwa sababu tu hana usingizi. Kwa hiyo tunaanza saa 3, pale usingizi ulipo, kisha tunarudisha nyuma robo saa kila baada ya siku mbili au tatu. Upande wa pili wa siku tunaufunga: anaamshwa saa 12:30 asubuhi hata kama usiku ulikuwa mbaya, na usingizi wa mchana unakwisha kabla ya saa 9 alasiri. Wiki ya kwanza ya kurudi nilimwacha alale mchana mara mbili, mwili ulikuwa unadai. Sasa mara moja inamtosha. Ya pili, ile ya saa 11 jioni, ndiyo ilikuwa inaiba usiku.

Nyumba yetu ni ya vyumba sita na ukumbi katikati, kuta hazifiki darini. Nimepita mlango kwa mlango kuwaambia wapangaji wenzangu kwamba siku tatu nne watasikia kilio, mtoto haumwi wala hapigwi. Nimefurahi nimefanya hivyo. Jirani wa mlango wa pili kasema hata yeye alikuwa anataka kuuliza.

Bibi yake ndiye hakuridhika. "Mtoto katoka hospitali juzi, leo unataka kumliza?"

"Mama, simwachi peke yake. Nitakuwa ubavuni kwake mpaka alale. Ninachobadilisha ni kifua tu."

Kanyamaza. Baadaye kaja na kanga yangu kuukuu niliyojifunga wodini, akasema mtoto aipate hiyo, ina harufu yangu. Wazo zuri kuliko langu lolote. Nimekata kipande cha ukubwa wa leso ya mkononi. Kanga nzima isingefaa kitandani kwa mtoto, inaweza kumzonga shingoni.

Usiku wa 15

Saa 3 kamili kitandani. Amesimama, amelia, amenyoosha mikono. Mkeka wangu uko sakafuni kando ya kitanda chake, mkono wangu mgongoni kwake. Sikumtoa. Akisimama namlaza, namwambia "lala mama," napigapiga mgongo taratibu. Dakika 41. Amelala akiwa ameng'ang'ania kile kipande cha kanga.

Baada ya saa 8 ameamka mara nne. Tumekubaliana na baba yake kwamba titi la usiku libaki moja, la kwanza baada ya saa 8, anyonye nikiwa nimeketi, nimrudishe kabla hajalala kabisa. Mara nyingine zote ni mkono tu.

Usiku wa 16

Dakika 52. Mbaya kuliko jana. Usiku wa pili unakuwa hivyo kwa watoto wengi: mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kikifanya kazi. Nilikuwa nalia na mimi, na nilikaribia kumtoa. Ningemtoa kwenye dakika ya hamsini, ningekuwa nimemfundisha kulia dakika hamsini.

Kipimo changu cha kuacha kilikuwa kimoja, nilikiandika mchana kichwa kikiwa kimetulia: kilio kikigeuka kuwa kile cha siku ya 1, cha kuficha mkono kwapani, namtoa papo hapo na mradi unasimama. Hakikugeuka. Alikuwa amekasirika, hakuwa ameogopa. Ukishasikia vyote viwili, huvichanganyi tena.

Usiku wa 17

Dakika 19.

Usiku wa 18 hadi 21

Saa ya kulala imerudi 2:45, halafu 2:30. Mkono sasa unakaa mgongoni mpaka atulie tu, si mpaka alale. Nikiona pumzi zimekuwa ndefu nauondoa naukalia. Dakika 22, 15, 15, 9. Kuamka: mara tatu, tatu, mbili, mbili. Usiku wa 20 aliibuka saa 9:20, nikamsikia anapapasa, nikajiandaa kunyanyuka. Akaipata kanga yake. Kimya.

Baba yake yuko zamu ya mchana sasa na usiku wa 21 amemlaza yeye. Nilidhani itakuwa kazi. Ilichukua dakika tisa. Kumbe kwa baba hakuna titi la kudai.

Siku ya 23

Mafua. Homa ya nyuzi 38.3 jioni, pua imeziba. Usiku, akiwa amelala, nimehesabu pumzi 46. Nikahesabu tena: 46. Mbavu hazibonyei, ananyonya, hatapiki, lakini 46 ni zaidi ya 40, na sikutaka kubishana na namba. Tumechukua bajaji mvuani.

Kituoni wamempa dawa ya homa, wamepima malaria, hakuna. Homa iliposhuka wamehesabu tena: 36. Homa yenyewe huongeza pumzi. Daktari amesikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema mapafu ni safi, ni mafua, na tulifanya sawa kwenda. Tumerudi saa 9 usiku.

Mafunzo nimeyasimamisha. Analala kifuani kwangu, wima, ananyonya akitaka. Matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kulala, feni isimpulize usoni.

Siku ya 26

Homa imekatika siku mbili. Pumzi 30. Nimebaki na swali moja tu kichwani: je, vyote vimepotea?

Usiku wa 27

Nimerudi, ila si mwanzo wala pale nilipoishia. Nimerudi hatua moja nyuma: saa 2:45, mkono mgongoni mpaka alale. Dakika 24 za manung'uniko.

Usiku wa 28

Dakika 8. Mara ya kwanza ilichukua usiku saba kufika chini ya kumi. Safari hii mbili. Tofauti moja nimeiona: saa 6 usiku ya jana aliamka kwa ile hofu ya zamani, kwa sababu kituoni walimtoboa kidole kupima malaria. Dakika tano, sauti kwanza, bila taa. Leo mchana mwanasesere amebandikwa plasta kidoleni.

Usiku wa 31

Saa 2:15. Mkeka umesogea mpaka mlangoni, ananiona lakini hanifikii. Ameketi, amenitazama, amelala kichwa kikiwa upande wa miguu. Nimemwacha hivyohivyo.

Siku ya 33

Nimejumlisha saa ishirini na nne: usiku saa tisa na nusu, mchana saa moja na dakika arobaini. Zaidi kidogo ya saa kumi na moja. Wa umri wake anahitaji kati ya 11 na 14 pamoja na wa mchana, na wiki ya kwanza tulikuwa hatufiki tisa. Uzito leo: 9.7.

Usiku wa 34

Saa 2:10 kitandani, mimi nje ya pazia. Dakika saba, nyingi za kuzungumza na kanga yake. Ameamka saa 8:40, amenyonya, amerudi mwenyewe. Saa 10:50 wakati wa adhana nimesikia kitanda kikilia, nikahesabu dakika nne nikiwa nimelala, kalamu mkononi. Hakuniita.